Mabirika ya kunyweshea mifugo Malindi bara: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya wafugaji wa bara ya Malindi, kuanzia Langobaya, Chakama na Baricho mpaka Marafa, na pia wa Mambrui na Gongoni ambako maji yana chumvi. Tumefuata mfano mmoja kote: kundi la ng'ombe 80 pamoja na mbuzi na kondoo 150, linalonyweshwa mara moja kwa siku kwenye kisima chenye pampu ya sola. Mwenye kundi kubwa au dogo zaidi atabadilisha tarakimu tu. Hesabu inakwenda vile vile.

Kundi kama hili linakunywa maji kiasi gani?

Ng'ombe wa kienyeji au Borana mwenye uzito wa kilo 250 hivi hunywa kama lita 30 kwa siku wakati wa kaskazi, nyasi zikiwa zimekauka. Jua likichoma sana au akiwa ametembea mbali anafika 40. Mbuzi au kondoo hunywa lita 4 hadi 5. Masika hali ni nyingine kabisa, kwa sababu nyasi mbichi zenyewe zina maji. Ng'ombe anaweza kuja birikani akaonja tu na kuondoka. Kwa hiyo usipime mahitaji yako mwezi wa Mei. Pima Februari.

Ng'ombe 80 mara lita 30 ni lita 2,400. Mbuzi na kondoo 150 mara lita 5 ni lita 750. Jumla ni 3,150, na ukiongeza kidogo kwa yanayomwagika na yanayotumika kuosha birika, weka lita 3,500 kwa siku. Ng'ombe wa maziwa usimhesabu sawa na wengine. Kwa kila lita ya maziwa anayotoa anahitaji lita 3 hadi 5 za maji juu ya zile 30, na akizikosa, maziwa ndiyo yanayopungua kwanza, kabla hujaona dalili nyingine yoyote mwilini.

Birika liwe na ukubwa gani?

Watu wengi hujenga birika kubwa na la kina wakidhani wanaweka akiba. Akiba ni kazi ya tangi. Kazi ya birika ni kuwapa wanyama nafasi ya kunywa kwa pamoja bila kupigana, kisha liweze kumwagwa na kusuguliwa na mtu mmoja kwa muda mfupi. Maji yakikaa sana birikani yanapata moto, yanaota utando wa kijani, na kila mnyama anayekuja anaongeza mate na uchafu wake. Ndiyo maana tunapendelea birika refu, la kina kifupi, linalojazwa haraka.

Kila ng'ombe anahitaji sentimita 60 za ukingo. Birika la mita 5 lenye nafasi pande zote mbili linapokea ng'ombe 8 huku na 8 kule, yaani 16 kwa zamu. Kwa kuwa wanatazamana na wana pembe, upana wa ndani usipungue sentimita 70. Ukilifanya jembamba, wale wababe watalinda upande mmoja na wengine watabaki wamesimama nyuma. Kina cha ndani kiwe sentimita 40, maji yaishie 30, na zile 10 za juu zibaki tupu ili yasimwagike wanapokurupuka. Mdomo wa birika uwe sentimita 50 hadi 60 kutoka chini.

Birika hilo linabeba mita 5 mara 0.7 mara 0.3, sawa na lita 1,050 hivi.

Mbuzi na kondoo wajengewe la kwao. Mita 4 kwa urefu, upana wa ndani sentimita 40, maji ya kina cha sentimita 20, na mdomo uwe sentimita 30 kutoka chini. Kila mmoja anachukua sentimita 30 za ukingo, kwa hiyo 26 wanakunywa kwa zamu ukihesabu pande zote mbili. Ndama watakunywa hapo hapo. Mbuzi akikosa birika la kimo chake hupanda lile la ng'ombe, akasimama ndani, na mavi yake yakaingia kwenye maji. Bomba la chuma lililolazwa kwa urefu wote juu ya katikati ya birika lake litamzuia asitumbukie.

Maji yaingie kwa kasi gani? Pampu yangu inatoa lita 1,000 kwa saa.

Pampu hiyo haiwezi kunywesha kundi moja kwa moja, lakini inatosha kabisa ikijaza tangi. Ng'ombe 80 kwa zamu za 16 ni zamu tano. Ukiipa kila zamu dakika kumi, kazi inakwisha kwa dakika 50, na ndani ya dakika hizo zitakunywewa lita 2,400. Birika likiwa limejaa mwanzoni lina 1,050, kwa hiyo 1,350 zilizobaki lazima ziingie ndani ya dakika 50, yaani lita 27 kwa dakika. Weka 30. Pampu ya lita 1,000 kwa saa inatoa 17 tu kwa dakika. Ng'ombe wa zamu ya nne na ya tano watalamba saruji.

Ila pampu hiyo hiyo ikifanya kazi saa sita za jua inapandisha lita 6,000, karibu mara mbili ya mahitaji ya siku. Tangi la plastiki la lita 10,000 juu ya kitako cha mita 2 litakupa akiba ya karibu siku tatu, endapo pampu imeharibika au mawingu ya masika yamekaa. Kutoka tangini hadi birikani tumia paipu ya inchi moja na nusu. Ya nusu inchi inavutia kwa bei, lakini kwa kimo kidogo kama hicho haiwezi kupitisha lita 30 kwa dakika.

Kupima ni rahisi. Fungua maji kwenye mdomo wa paipu, kinga ndoo ya lita 20, angalia saa. Ikijaa kwa sekunde 40 una lita 30 kwa dakika. Ikichukua dakika nzima una 20, na kundi litakuzidi. Pima maji huku floti, ile valvu ya boya inayozuia maji birika likijaa, ikiwa imewekwa mahali pake, maana mara nyingi paipu ni kubwa na floti yenyewe ina tundu dogo.

Birika likae wapi, na umbali gani kutoka kisimani?

Likae upande wa mteremko wa chini kutoka kisimani, angalau mita 30. Mahali penye mwamba wa matumbawe karibu na uso wa ardhi, sogeza mpaka mita 50 au zaidi, kwa sababu mwamba huo una nyufa na maji machafu hayachujwi yanapopita humo. Kwenye mchanga angalau yanachujwa kidogo njiani. Ukiona maji ya kisima yanabadilika rangi siku moja au mbili baada ya mvua kubwa, ujue njia ya uchafu ni fupi, hata kama birika linaonekana liko mbali.

Chagua mwinuko mdogo wenye udongo mgumu. Bonde linaonekana linafaa kwa sababu lina kivuli na nyasi, lakini masika yote litakuwa tope.

Usijenge chini ya mti. Ng'ombe akishakunywa hupenda kusimama kivulini acheue, na hapo ndipo anapokunya. Kivuli kiwe mita 30 hadi 50 kutoka birikani, ili aondoke akifuate. Uwazi uachwe pande zote ili kundi liingie upande mmoja na kutokea mwingine. Njia moja ya kuingia na kutoka huleta msongamano, na ndama ndio wanaokanyagwa.

Tunanyweshea Mto Sabaki moja kwa moja. Kuna haja ya birika?

Mamba na kiboko ni sababu moja, na kila mchungaji wa Baricho anaijua. Sababu ya pili haionekani haraka. Ng'ombe akiingia mtoni anakunywa, anakojoa na kunya papo hapo, kisha wa chini yake anakunywa hayo. Ukingo unavunjwa kwa kwato, panabaki vidimbwi vya kwato visivyotiririka, na vidimbwi hivyo ndivyo makao ya konokono wa maji wanaobeba minyoo ya ini.

Inatosha pampu ndogo kupandisha maji mpaka kwenye birika lililo mita 100 kutoka ukingoni, juu ya alama ya mafuriko. Maji ya Sabaki yana tope jingi, hasa mvua zikinyesha huko juu, kwa hiyo yapitishe kwanza kwenye tangi la kutuama. Toa paipu ya kwenda birikani sentimita 30 juu ya sakafu ya tangi, na weka tundu jingine sakafuni la kutolea tope. Tangi lisilo na tundu hilo hujaa udongo msimu mmoja tu.

Ni magonjwa gani hasa yanayotokana na mahali pa kunyweshea?

Hapa pana jambo ambalo wengi hulitazama upande usio wenyewe. Mfugaji hupeleka maji ya kisima yakapimwe, yakaonekana safi, kisha anashangaa mifugo wanaendelea kuugua. Maji yanayoingia birikani mara nyingi hayana neno. Ugonjwa uko kwenye tope la mita tatu kuzunguka birika.

Mfano mzuri ni minyoo bapa ya ini. Mayai yake hutoka na mavi ya ng'ombe aliyeambukizwa. Yakianguka mahali pakavu yanakufa. Yakianguka kwenye maji yanaanguliwa, na kiluwiluwi kinaingia ndani ya konokono mdogo wa maji. Kinazaliana humo kwa wiki kadhaa, kisha vinatoka na kujibandika kwenye majani yaliyo ukingoni mwa maji. Sasa fikiria birika linalovuja wakati wa kaskazi. Bara yote imekauka, lakini mita chache kutoka birikani pana kijikonde cha nyasi mbichi. Kila ng'ombe anayemaliza kunywa anakwenda kuchuma hapo. Amekula mtego. Miezi mitatu au minne baadaye anakonda huku anakula, utando wa ndani ya jicho unakuwa mweupe, na uvimbe laini unashuka chini ya taya. Akichinjwa, maini yana mishipa migumu mithili ya mabomba. Dawa ya minyoo itamsaidia yeye, lakini kijikonde kile kitawaambukiza wengine wiki hiyo hiyo.

Kuhara damu kwa wana-mbuzi na ndama nako kunataka unyevu. Vimelea vikitoka na mavi havina nguvu ya kuambukiza mpaka vikae siku moja mbili mahali penye majimaji. Sakafu kavu inavikatiza hapo.

Ng'ombe aliyetupa mimba asikaribie birika mpaka uchafu uache kumtoka. Kutupa mimba kunaweza kuwa dalili ya bruselosi, na majimaji yake pamoja na kondo la nyuma ndivyo vinavyoibeba zaidi. Usivishike kwa mikono mitupu. Ugonjwa huo huwapata watu pia.

Homa ya mapafu ya ng'ombe ni habari nyingine: inapita kwa pumzi na kikohozi, si kwa maji. Birika linahusika tu kwa kuwasonganisha. Kundi geni linapopita, linyweshwe baada ya lenu kuondoka, na birika lioshwe.

Sakafu ya kuzunguka birika iwe ya nini, na pana kiasi gani?

Zege la sentimita 10 juu ya mawe ya matumbawe yaliyopangwa na kushindiliwa sentimita 15. Mchanganyiko ni saruji ndoo moja, mchanga mbili, kokoto nne. Uso usilainishwe, kabla halijakauka pitisha fagio la vijiti au chora mistari, kwato zisiteleze. Literemke kwenda nje, sentimita 2 hadi 3 kwa kila mita.

Upana ndio unaokosewa. Ng'ombe anayekunywa anachukua kama mita 2 kutoka mdomo wa birika hadi mkiani. Sakafu ikiishia mita moja na nusu, miguu ya nyuma inasimama pale pale zege linapokatika. Kwato zinachimba, mkojo unajaa, na baada ya msimu mmoja pana mtaro wa tope na ngazi ambayo ndama hawezi kuipanda. Kwa hiyo mita 2 ziwe za zege, halafu mita moja na nusu nyingine ya mawe yaliyoshindiliwa.

Kwa birika letu la mita 5, zege la mita 2 pande zote ni kama mita za mraba 42, sawa na mita za ujazo 4.2. Hesabu mifuko 27 hivi ya saruji. Ndiyo, sakafu inakula saruji kuliko birika lenyewe. Fedha zikiwa chache, jenga birika fupi zaidi lenye sakafu kamili, usijenge refu ukaiacha sakafu kwa ajili ya mwakani.

Birika lenyewe tulijenge na nini?

Matofali ya matumbawe yanafaa na yanapatikana, ukuta wa sentimita 15 hadi 20, udongo wa saruji moja kwa mchanga tatu. Plasta ya ndani iwe sentimita 2, kwa saruji yenye dawa ya kuzuia maji, halafu upige niru. Pembe za ndani zote zizungushwe kwa chupa ili burashi ifike; pembe kali ndiyo inayoficha utando. Sakafu ya ndani iteremke sentimita moja kwa kila mita kuelekea upande mmoja, na huko uweke tundu la inchi 3 lenye kizibo.

Hilo tundu tunalisisitiza kuliko kitu chochote kingine kwenye ukurasa huu. Birika lisilo na tundu la chini litamwagwa kwa kopo mara mbili tatu za mwanzo, na baada ya hapo hakuna atakayeliosha tena.

Mchanga uwe wa mto, kamwe usiwe wa pwani. Chumvi ya mchanga wa baharini inakula nondo na kusababisha plasta ibanduke. Lowanisha kazi yako siku saba mfululizo na ulifunike kwa magunia. Likishakomaa, lijaze, liache siku mbili, lifungue lote. Rudia mara moja. Maji ya mwanzo kwenye saruji mpya ni makali na wanyama huyakataa.

Upande wa Chakama na kuelekea Galana, ambako ndovu hupita, usitegemee kuta zinazosimama juu ya ardhi peke yake. Ndovu hang'oi birika kwa ubaya, anatafuta maji. Mara nyingi anachovunja ni paipu iliyo wazi na floti. Fukia paipu sentimita 60, na birika liwe na maji usiku.

Floti huharibika kila mara. Tufanyeje?

Ijengee kisanduku chake kwenye ncha ya birika, cha sentimita 40 kwa 40, chenye mfuniko wa zege wa kuinuliwa na watu wawili. Maji yapite kwenda birikani kwa tundu la chini ya ukuta. Mnyama asiione wala asiifikie.

Zinazoharibika licha ya kisanduku huwa na sababu mbili. Kwanza chumvi: mkono wa chuma unaliwa, kwa hiyo nunua ya shaba au ya plastiki ngumu. Pili chembe ya mchanga kukaa kwenye kiti cha valvu, ikaacha uwazi mwembamba. Weka chujio na koki kabla ya floti, ili uweze kufunga na kusafisha bila kumwaga tangi zima.

Usipuuze mtiririko mdogo. Maji yanayojaza kikombe kikubwa cha lita moja kwa dakika ni lita 1,440 kwa siku. Hayo ni maji ya ng'ombe 48, na yote yanakwenda kunywesha tope.

Maji ya ziada na ya kuosha yaende wapi?

Yapelekwe kwa paipu ya inchi 3 umbali wa mita 20 au zaidi, upande wa chini, na yamwagwe ndani ya ua wa miiba. Panda humo migomba au majani ya tembo. Ua ni lazima. Ukiyaacha wazi umejenga kile kijikonde cha minyoo ya ini kwa mikono yako.

Tuoshe birika mara ngapi, na kwa dawa gani?

Kila siku, kabla ya kundi kufika, ondoa majani, mavi na wadudu kwa chujio la wavu, na fagia sakafu mavi yakiwa bado hayajakanyagwa. Mara moja kwa wiki fungua tundu, sugua kuta zote kwa burashi ngumu, suuza. Wakati wa joto, utando wa kijani unaweza kurudi kwa siku nne tano, basi fupisha muda. Kipimo ni mkono wako: pitisha kidole ukutani chini ya maji. Kikiteleza, siku ya kuosha imefika. Au tazama sakafu ya birika. Kama huioni kupitia maji ya sentimita 30, usingoje.

Mara moja kwa mwezi, na kila baada ya mnyama mgonjwa au kundi geni, tia dawa. Tumia klorini ya maji ya kufulia yenye nguvu ya asilimia 3.5. Chupa ndogo ya soda ya mililita 300 ndani ya dumu la maji la lita 20 inatosha. Paka kuta na sakafu ya ndani, acha dakika 30, suuza vizuri, jaza. Lazima usugue kwanza, kwa sababu klorini inaishia kupambana na uchafu na hakuna inayobaki ya kuua vijidudu. Usiichanganye na tindikali wala sabuni ya choo, hutoa hewa inayochoma mapafu.

Baadhi ya watu hutia mrututu ili kuua utando wa kijani. Usitie. Mrututu una shaba, na kondoo hawahimili shaba hata kidogo. Inajikusanya inini mwao, na wanakufa ghafla wiki au miezi baadaye, wakati hakuna anayekumbuka kilichotiwa.

Silanga letu limefunikwa na rangi ya kijani kama iliyomwagwa. Ni hatari?

Inaweza kuwa hatari sana. Utando wa nyuzi ndefu unaoweza kuushika kwa kijiti hauui mtu, ni uchafu tu. Lakini ule unaofanana na rangi ya kuta, unaokusanyika upande upepo unakovuma kwenda, baadhi yake una sumu. Ng'ombe anaweza kufa saa chache baada ya kunywa, akiwa bado karibu na maji. Zungushia ua silanga lote, nywesha kwingine. Kama hakuna kwingine, vuta maji kutoka upande upepo unakotokea, nusu mita chini ya uso, na uyapeleke birikani. Kuchemsha hakuondoi sumu hiyo.

Kisima chetu cha Gongoni kina chumvi. Ng'ombe wanaweza kunywa?

Inategemea kiasi, na ulimi hautoshi. Nunua au azima kipimo cha mkononi kinachosoma `µS/cm`. Zidisha tarakimu kwa 0.65 upate miligramu za chumvi kwa lita, kwa makadirio. Chini ya 3,000 hakuna tatizo kubwa. Kati ya 3,000 na 5,000 ng'ombe wazima huzoea, ingawa mwanzoni wanaweza kuhara siku chache. Kati ya 5,000 na 7,000 usiwape wenye mimba na wanaonyonyesha. Zaidi ya hapo ni mashaka, na juu ya 10,000 usiwape kabisa. Mbuzi na kondoo huvumilia zaidi kidogo kuliko ng'ombe, ngamia zaidi yao wote.

Pima birikani pia, si kisimani tu. Jua linachukua maji na kuacha chumvi, kwa hiyo birika lililokaa wiki bila kumwagwa lina chumvi kuliko kisima. Wanyama waliozoea maji matamu usiwahamishe kwa siku moja. Changanya nusu kwa nusu kwa wiki nzima.

Na usivute kwa nguvu. Karibu na bahari maji matamu yanaelea juu ya maji ya chumvi yaliyo chini yake. Pampu kubwa inayovuta kwa saa moja inayapandisha yale ya chini. Pampu ndogo inayovuta polepole siku nzima inachukua ya juu. Ukiona kipimo kinapanda kadiri mchana unavyosonga kisha kinashuka asubuhi, hilo ndilo linalotokea, punguza kasi.

Mnyama amekufa karibu na birika. Tufanye nini?

Akiwa amekufa ghafla na damu nyeusi isiyoganda inamtoka puani au nyuma, fikiria kimeta. Usimchune, usimpasue, usimburure kupita birikani. Mfunike kwa miiba mbwa na fisi wasimfikie, hamisha kundi, mwite ofisa wa mifugo. Vijidudu vya kimeta vikipata hewa hujifunika kwa ganda na kuishi udongoni miaka mingi, na kumpasua ndiko kunakovipa hewa hiyo. Atachomwa au kuzikwa hapo hapo alipoangukia, kina cha mita 2, na kama hapo ni ndani ya mita 50 za kisima, ofisa aelezwe kabla shimo halijachimbwa.

Vituo vya maji viwe umbali gani, kimoja hadi kingine?

Ng'ombe akilisha ndani ya kilomita 5 kutoka kwenye maji anarudi na nguvu zake. Zaidi ya kilomita 10 itabidi anywe siku moja na kuruka ya pili, na anakonda. Kwa hiyo kilomita 8 hadi 10 kati ya vituo ni mpango mzuri.

Lakini msichimbe kisima cha kudumu katikati ya malisho mliyoyaweka kwa ajili ya kiangazi. Maji yakiwepo mwaka mzima, kundi halitaondoka mwaka mzima, na Januari mtakuta vumbi. Kama kimeshachimbwa, kubalianeni kukifunga masika: ondoeni floti, fungeni koki ya tangini kwa kufuli, acheni mifugo watumie madimbwi na nyasi za mbali. Madimbwi hayo yana mbu, na miaka ya mvua isiyo ya kawaida, kama ilivyokuwa 1997 hadi 1998 na 2006 hadi 2007, mbu hao walileta homa ya Bonde la Ufa nchini. Mkiona mimba nyingi zinatupwa kwa wakati mmoja baada ya mafuriko, acheni kuchinja na kunywa maziwa mabichi, na ofisa wa mifugo apewe habari siku hiyo hiyo.